SANDUKU LA HUDUMA YA KWANZA NYUMBANI: KIPI KIINGIE, KIPI KITOLEWE

Katika safu yetu ya afya na usafi leo tunazungumzia kitu ambacho nyumba nyingi zinadhani zinacho, kumbe hazina. Ukiuliza katika nyumba yoyote pale Ngerengere, au Mikese, au juu milimani Uluguru, "Mna dawa za huduma ya kwanza?", utaambiwa zipo, na utaletewa mfuko wa plastiki au boksi la viatu kutoka juu ya kabati.

Hebu tufungue boksi la namna hiyo. Ndani yake mara nyingi utakuta vidonge vinne vya rangi mbili vilivyobaki mtoto alipougua kifua, nusu ya dozi ya mseto, chupa ya spiriti, pamba iliyofunguliwa siku nyingi, wembe, chupa ya dawa ya maji yenye rangi ya zambarau, kipande cha jiwe jeusi la nyoka, na vidonge vya Flajili kwa ajili ya "tumbo". Boksi limejaa. Lakini usiku huo mtoto akiharisha, au baba akikatwa na jembe, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachomsaidia, na baadhi yake vitamdhuru.

Sasa tutalimwaga boksi hilo chini, kisha tulijaze upya kitu kimoja kimoja.

TUANZE NA VINAVYOTOLEWA

Cha kwanza kutoka ni vidonge vya rangi mbili vilivyobaki. Watu wengi huvifungua na kunyunyizia unga wake kwenye kidonda. Unga ule haukutengenezwa kwa ajili ya kidonda. Hugandamana na damu ukafanya ukoko mgumu, na chini ya ukoko huo usaha hukusanyika bila wewe kuuona. Ukivimeza ndiyo vibaya zaidi, kwa sababu vidonge vinne si dozi. Vinaua vijidudu dhaifu na kuwaacha wale wenye nguvu, nao safari ijayo hawatasikia dawa.

Flajili nayo itoke. Kuharisha kwingi kwa watoto kunaletwa na virusi, na Flajili haiui virusi. Pamoja nayo zitoke dawa za kufunga tumbo. Dawa hizo huzuia utumbo usisukume, lakini maji yanaendelea kutoka mwilini na kujaa ndani ya utumbo. Mama anaona mtoto ameacha kuharisha anafurahi, kumbe tumbo linajaa na mtoto anazidi kukauka. Mtoto mdogo asipewe dawa hizo kabisa.

Nusu dozi ya mseto itoke, kwa kuwa homa hupimwa kwanza, na aliyekutwa na malaria hupewa dozi kamili. Aspirini isiwepo mahali watoto wanapotibiwa, maana kwa walio chini ya miaka 16 inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Kwa homa na maumivu weka parasetamoli peke yake, na kipimo cha mtoto kifuate uzito wake kama mtoa dawa alivyokuandikia.

Dawa ya zambarau ina kasoro ambayo wengi hawaifikirii. Inapaka rangi nyama yote, hivyo kesho huwezi kuona kama kidonda kimebadilika rangi au kinatoa usaha. Dawa inayokuzuia usikione kidonda haifai kukaa kwenye sanduku.

Wembe na jiwe la nyoka navyo vitoke pamoja. Kule tambarare za Ngerengere nyoka wapo, na shamba halikwepeki. Aliyeumwa akichanjwa kwa wembe huongezewa jeraha na damu kumtoka, na sumu haitoki. Jiwe nalo linanata kwa sababu linafyonza unyevu wa damu tu. Kamba ya kukaza juu ya jeraha inaweza kuua mguu mzima. Anachohitaji aliyeumwa ni kuvuliwa pete na viatu, mguu au mkono kufungwa kwenye ubao usitikisike, kama vile umevunjika, na kubebwa haraka bila kutembea mwenyewe hadi hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka. Kwa kazi hiyo bandeji ndefu iliyomo sandukuni inatosha.

DAWA YA KUSAFISHA KIDONDA

Hapa ndipo watu wanapotumia fedha nyingi na kukosea zaidi. Msafishaji mkuu wa kidonda ni maji mengi na sabuni. Dawa yoyote ya chupa ni msaidizi wake. Vijidudu vinakaa kwenye udongo na uchafu ulioingia ndani ya jeraha, na udongo hautoki kwa kupakwa dawa juu yake. Unatoka kwa kusukumwa na maji.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ndani ya sanduku ni kipande kipya cha sabuni ya kawaida. Cha pili tayari unacho nyumbani, nacho ni birika la kutawadhia. Birika linatoa maji yanayotiririka kwa mkondo mwembamba, na huo ndio mkondo unaotakiwa kwenye jeraha. Usilowanishe kidonda ndani ya beseni, maana uchafu uliotoka utarudi. Mimina maji juu yake kwa dakika tano hadi kumi, huku maji yakianguka chini.

Maji yawe yale unayoweza kuyanywa. Mto Ngerengere unashuka kutoka milima ya Uluguru, unapita Morogoro na bwawa la Mindu, ndipo unateremka tambarare kwenda kuungana na Ruvu. Aliye chini anapokea maji yaliyokwisha kupita kwa watu wengi, mifugo na mashamba. Maji hayo yasimiminwe kwenye jeraha kabla ya kutuamishwa, kuchujwa kwa kitambaa safi, kuchemshwa hadi yatokote na kuachwa yapoe. Jambo jema ni kuwa na dumu moja la maji yaliyochemshwa na kufunikwa, linalobadilishwa kila siku.

Baada ya maji na sabuni, chupa moja ya dawa inatosha. Iliyo bora kwa nyumba ni ile ya iodini ya kahawia, inayoitwa povidoni ayodini. Ipake kuzunguka jeraha, na kiasi kidogo juu ya mchubuko. Aliye na matatizo ya tezi ya shingo, mama mjamzito, na mtoto mchanga wasipakwe bila ushauri. Kama ulichonacho ni Detoli, usiimimine ikiwa kali kama ilivyo. Changanya kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kwenye mililita 100 za maji, ambayo ni kama nusu ya kikombe cha chai. Detoli kali inaunguza nyama changa inayojaribu kuziba, na kidonda kinachelewa.

Na spiriti je? Spiriti nayo inaunguza nyama changa. Ule mwasho mkali si dalili kwamba dawa inafanya kazi, ni maumivu ya nyama inayoharibiwa. Kazi ya spiriti ni kupangusa mkasi na kibano. Kama unaiweka, iwe chupa ndogo yenye kifuniko kigumu, maana mtoto akiinywa ni sumu, na ikikaribia jiko ni moto.

Jambo moja la kutilia mkazo: mbwa akimuuma mtu, hata kama jeraha ni dogo, lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kwa saa. Sabuni inaviua virusi vya kichaa cha mbwa kabla havijaingia kwenye mishipa ya fahamu. Kisha, siku hiyo hiyo, mtu huyo apelekwe kupata chanjo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

VITU VYA KUFUNGIA

Nunua gozi zilizofungwa moja moja kwenye karatasi, kama kumi hivi. Hizo zimeuliwa vijidudu kiwandani, nazo zinabaki safi mradi karatasi haijachanika wala kulowa. Ukishafungua pakiti, gozi iliyobaki haihesabiwi tena kuwa salama kwa kidonda kilicho wazi. Ongeza bandeji mbili za kuzungushia, moja pana na moja nyembamba, plasta ya kunata ya kuviringisha, na plasta ndogo za vidole.

Pamba isiguse kidonda. Nyuzi zake hunasa kwenye nyama, na siku ya kubadilisha unabandua pamba pamoja na ngozi mpya. Pamba ni ya kuweka juu ya gozi tu, kidonda kinapotoa majimaji mengi.

Kama fedha ya gozi haipo, chukua kanga ya pamba iliyochakaa, ikate vipande, ivichemshe kwa dakika 20, vianike juani mahali pasipo na vumbi, vipige pasi ya moto pande zote, kisha uvifunge ndani ya mfuko safi. Vipande viwili vikubwa vya pembetatu viache bila kukatwa kwa ajili ya kuning'iniza mkono uliovunjika.

Sasa tuone kazi yenyewe. Baba amejikata kwa jembe juu ya mguu, damu inatoka. Anayemhudumia anavaa glavu, na kama hana, anavaa mfuko safi wa plastiki mkononi. Anaweka gozi juu ya jeraha na kukandamiza kwa kiganja, mguu ukiwa umeinuliwa, dakika kumi bila kuchungulia. Kosa linalofanywa sana ni kufunua kila dakika kuona kama damu imekatika. Kila ukifunua unaling'oa donge la damu lililokuwa linaanza kuziba. Gozi ya kwanza ikilowa, usiiondoe. Weka ya pili juu yake na uzidi kukandamiza. Damu isipokatika, endelea kukandamiza huku mkielekea hospitali.

Damu ikikatika ndipo anaosha kwa maji na sabuni, anapaka iodini kuzunguka, anaweka gozi mpya na kuzungusha bandeji kuanzia kwenye vidole kupanda juu. Baada ya kufunga, anabonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu. Unakuwa mweupe, na akiachia, rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, au vidole vikiwa vya baridi au vinakufa ganzi, bandeji imekazwa mno. Ifunguliwe na kufungwa upya.

Jeraha lenye mdomo ulioachana, au lenye kina, linahitaji kushonwa siku hiyo hiyo, lisingoje kesho. Na jeraha la jembe, msumari au mwiba wa mkonge ni la udongo, kwa hiyo mtu aende kuulizia sindano ya pepopunda hata kama kidonda kinaonekana kidogo.

Bandeji ibadilishwe kila siku, na mapema zaidi ikilowa au ikichafuka. Gozi ikigandamana, ilowanishe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka iachie yenyewe. Kila unapobadilisha, angalia dalili hizi: uvimbe unaozidi, joto kuzunguka kidonda, maumivu ya kupwita yanayoongezeka badala ya kupungua, usaha, harufu, au homa. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo tumia mgongo wa mkono kupima joto. Ukiona mojawapo ya dalili hizo, nenda kituo cha afya.

Hapa wasomaji wetu huuliza kuhusu udhu. Kitabibu, bandeji inayofunguliwa au kuloweshwa mara tano kwa siku inageuka kuwa makazi ya vijidudu. Wanachuoni wameeleza namna ya kupangusa juu ya bandeji bila kuifungua. Muulize imamu wako utaratibu wake mapema, siku ambayo huna jeraha.

Kwa kuungua moto, uji au chai, sanduku halina dawa ya kupaka. Dawa yake ni maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Maji yakiwa haba, weka beseni chini, uyakinge na kuyamimina tena. Dawa ya meno, mafuta, yai na asali visipakwe. Vinafungia joto ndani, na hospitali watalazimika kuvikwangua juu ya jeraha. Ikishapoa, funika kwa kitambaa safi chenye unyevu. Kuungua kunakozidi ukubwa wa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au kwa uso, mikono, viungo au sehemu za siri, ni kwa hospitali.

ORS NA ZINKI

Mwaka 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam mwezi Agosti, kikasambaa katika mikoa mingi, na Morogoro ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoathirika sana. Ugonjwa wa namna hiyo hauui kwa sumu yake peke yake, unaua kwa kukausha maji na chumvi mwilini. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bongaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutundika. Akawanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na glukosi kutoka kwenye mapipa. Vifo vikashuka kutoka kama asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Siri yake iko kwenye sukari. Utumbo unaoumwa haupokei maji matupu vizuri, lakini glukosi inapopita kwenye ukuta wa utumbo inavuta chumvi, na chumvi inavuta maji. Vitu hivyo viwili lazima viwe kwa kipimo chake. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipunguza chumvi na glukosi kwenye pakiti, kwa kuwa mchanganyiko mwepesi zaidi unapunguza kutapika na kuharisha.

Weka pakiti nne, na vidonge kumi vya zinki vya miligramu 20 kwa kila mtoto mdogo. Vinapatikana kwenye duka la dawa muhimu. Soma kwenye pakiti ni ya maji kiasi gani. Nyingi ni za lita moja, lakini zipo za nusu lita. Kwa sababu hiyo weka ndani ya sanduku chupa tupu safi ya maji ya lita moja, ili usiku usikisie kwa jagi.

Kosa kubwa ni kumwaga pakiti nzima kwenye glasi moja ili "iwe na nguvu". Maji hayo yanakuwa makali, yanavuta maji kutoka mwilini kuingia kwenye utumbo, mtoto anaharisha zaidi na kiu inazidi. Onja kwanza. Yasiwe na chumvi kuzidi machozi. Usiongeze sukari, maziwa wala soda, na usichemshe baada ya kuchanganya. Yakifikisha saa 24, mwaga.

Tuchukue mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyeanza kuharisha magharibi. Saa 2 usiku ameshaharisha mara tatu. Mama ananawa mikono kwa sabuni, anachanganya pakiti moja kwenye lita moja. Kila baada ya choo anampa mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu ya kikombe cha chai. Mwenye miaka miwili hadi kumi angepewa mililita 100 hadi 200, na mtu mzima kadiri anavyotaka.

Mtoto anatapika. Hapa ndipo akina mama wengi wanakata tamaa na kuacha. Asiache. Asubiri dakika kumi, kisha aanze tena kwa kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili. Kijiko cha mililita 5 kila dakika mbili ni mililita 150 kwa saa, kiasi ambacho tumbo lisingekubali kwa mkupuo. Kunyonya kuendelee, na chakula kisikatazwe.

Zinki ianze siku hiyo hiyo. Kidonge kimoja kiyeyushwe kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama, mara moja kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Mtoto aliye chini ya miezi sita apewe nusu kidonge. Kuharisha kukiacha siku ya tatu, zinki isiachwe, maana inaendelea kutengeneza utumbo na kumkinga asiugue tena upesi.

Kila saa mama anafinya ngozi ya tumbo na kuiachia. Ikibaki imesimama kwa zaidi ya sekunde mbili, au macho yamedidimia, au mtoto amelegea, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, choo kina damu, au ni maji meupe kama ya kuoshea mchele, asingoje asubuhi. Apelekwe, na njiani aendelee kunyweshwa kwa kijiko. Mtu mzima aliyefunga akipatwa na hali hii naye anywe, kwani mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa baadaye.

Kama pakiti haipo kabisa, weka vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye lita moja ya maji safi. Vijiko visawazishwe kwa kisu, visiwe vya kilima. Mchanganyiko huu ni wa kukuvusha hadi upate pakiti, kwa sababu hauna madini yote yaliyomo kwenye ORS. Ukiwa na shaka na kipimo, afadhali chumvi ipungue kuliko kuzidi.

MAHALI PA KULIWEKA

Ngerengere ni joto, na juu ya kabati chini ya bati ndipo pa moto zaidi. Jikoni nako kuna mvuke. Sanduku la plastiki lenye kifuniko likae chumbani, kwenye kivuli, juu kuliko mkono wa mtoto lakini mahali ambapo kila mtu mzima anapajua hata gizani. Pakiti ya ORS iliyoganda kuwa jiwe au kugeuka rangi itupwe. Tochi iwemo ndani.

Unaweza kukata orodha hii na kuibandika ndani ya kifuniko: sabuni, iodini, gozi kumi, bandeji mbili, plasta, vitambaa vya pembetatu viwili, glavu, mkasi na kibano, parasetamoli, ORS nne na chupa ya lita moja, zinki, tochi, namba ya simu ya kituo cha afya na ya jirani mwenye chombo cha usafiri.

Kila mwezi mpya unapoandama, lifungue, soma tarehe za mwisho wa matumizi, na rudisha kilichotumika.

Wabillahi tawfiq.